Shajara ya mradi: kabla na baada ya ukuta mmoja wenye unyevu, Kigamboni

18 Januari 2025

Jana usiku fundi kanitumia picha kumi na moja kwa WhatsApp, pamoja na sauti ya dakika mbili. Anataka posti ya Instagram ile ya kusukuma kwa kidole, kabla na baada, itangaze kazi yake ya kutibu kuta zinazotoa chumvi. Sisi tunaoshinda na kazi hizi tunaiita karuseli. Yeye anaiita "ile ya kuteleza".

Picha ni za kazi aliyoimaliza Novemba. Ya kabla ameipiga usiku, taa ya tyubu inawaka, kamera iko kwenye 0.5 ile inayovuta kila kitu kikawa kirefu na kibaya, na mbele kuna ndoo ya matambara. Ya baada ameipiga saa sita mchana, kamera ya kawaida, pazia jipya limefungwa, na kochi limesogezwa likafunika nusu ya chini ya ukuta. Nusu ya chini ndiyo hasa ilikuwa na tatizo. Swichi inaonekana kwenye picha moja, kwenye nyingine haipo. Mimi namjua fundi na najua alifanya kazi, lakini kama ningekuwa mteja ningesema hivi ni vyumba viwili tofauti.

Nimempigia. "Fundi, hizi hatuwezi kuzitumia."

"Dada, kazi si inaonekana?"

Kinachoonekana ni taa kuzimwa na jua kuwaka. Nikamuuliza kazi inayofuata inaanza lini. Jumatatu, Kigamboni, nyumba ya mama mmoja mwalimu mstaafu, ukuta mmoja wa sebule. Nimemwomba asiguse kitu mpaka nifike.

20 Januari

Nimefika saa mbili kasoro asubuhi. Shikamoo, marahaba, chai ya rangi na mihogo. Mama ameniruhusu kupiga picha kwa masharti mawili: nyumba isijulikane, na picha za ukutani zisionekane. "Mwanangu, sitaki watu waseme mwalimu alikuwa anaishi kwenye pango." Hilo nimeliandika juu kabisa ya daftari, kwa sababu litaamua maneno ya slaidi ya kwanza. Kila aliyeandika tangazo la namna hii anajua kishawishi cha kuipaka matope hali ya kabla ili ya baada ing'ae. Hapa hali ya kabla ni sebule ya mtu anayeifagia kila siku.

Ukuta una urefu wa mita 3.2, ni tofali za saruji za inchi sita. Rangi imevimba na kubanduka kuanzia sakafuni hadi sentimita 80, na juu ya mstari huo ukuta ni mzima kabisa. Ukipitisha kidole unatoka na unga mweupe. Bomba lililopasuka kwa kawaida lingeacha doa linaloanzia mahali fulani na kutambaa. Unyevu huu umepanda kutoka ardhini kwa usawa karibu ukuta mzima, ukabeba chumvi, maji yakakauka usoni, chumvi ikabaki na kuisukuma rangi. Nje kuna nusu nzima ya jibu: kitanda cha maua kimeegemea ukuta ule ule, na mchanga umejazwa miaka na miaka hadi uko sentimita 25 juu ya usawa wa sakafu ya ndani.

Nimepiga kabla kwa utaratibu huu. Simu kwenye stendi yake, kimo cha sentimita 120 kutoka sakafuni, mita 2.6 kutoka ukutani, vipimo vyote vimeanzia kwenye fremu ya mlango kwa sababu mlango hautahama (alama za gundi sakafuni zisingemaliza hata siku moja chini ya koleo la fundi). Kamera kwenye 1. Mwanga nimeufunga kwa kukandamiza kidole kwenye kioo hadi ukatulia. Swichi na kona ya dirisha zimo ndani ya picha. Na chini ya ukuta nimesimamisha karatasi nyeupe ya A4.

Karatasi hiyo ndiyo shahidi wangu. Kwanza ni kipimo: ina urefu wa karibu sentimita 30, kwa hiyo mtazamaji anaona mwenyewe unyevu umepanda kiasi gani bila mimi kuchora mshale mwekundu. Pili, kwenye picha ya baada karatasi itakuwa pale pale. Nikiongeza mwanga ili ukuta uonekane mweupe zaidi, karatasi itaungua na kunisaliti. Nikipiga gizani ili ukuta wa kabla uonekane mchafu, karatasi itageuka kijivu.

Saa mbili na nusu jua limeingia kwa dirisha la mashariki likapita ubavuni mwa ukuta, karibu sambamba nao. Kila pele la rangi likatoa kivuli chake. Mwanga wa ubavuni hausamehe. Mwanga wa usoni, wa flashi hasa, unafuta kila kitu, na ndiyo maana picha nyingi za "baada" zimepigwa kwa flashi, wengine bila hata kujua wanadanganya.

Jambo la mwisho kabla nyundo haijaanza: tumebandika kipande cha nailoni angavu, sentimita 30 kwa 30, kingo zote nne zimezibwa kwa gundi ya karatasi sehemu iliyokuwa bado na plasta ngumu. Fundi kakubali kusubiri siku mbili, kwa kunung'unika.

22 Januari

Nyuma ya nailoni matone yamejaa kama kifuniko cha sufuria. Maji yakiwa upande wa nyuma yametoka ukutani. Yangekuwa upande wa mbele yangekuwa mvuke wa chumbani, na hapo dawa ingekuwa kufungua madirisha tu. Nimepiga picha ya karibu. Hii itakuwa slaidi bora kuliko zote na haina uzuri wowote.

Wameanza kubomoa plasta. Wanapanda hadi sentimita 110, yaani 30 juu ya mstari wa unyevu, kwa sababu chumvi imesafiri mbele ya doa. Chumvi wanaisugua kwa brashi ya waya kavu na kuizoa. Ukiimwagia maji inayeyuka na kurudi ndani ya tofali, kisha unakutana nayo tena Agosti. Nje vijana wawili wanachimba mfereji wa upana wa sentimita 30 hadi chini ya usawa wa sakafu.

27 Januari

Plasta mpya imepigwa, saruji kwa mchanga wa mtoni, ikiwa na dawa ya kuzuia maji. Mchanga wa mtoni, si wa ufukweni. Wa ufukweni ni kuinunua chumvi kwa pesa yako. Ukuta wote umekula nusu mfuko wa saruji na ushei. Mama kaagizwa aumwagilie maji wiki nzima.

2 Februari

Leo nimeandika maneno ya kwanza. Fundi alishaniletea yake:

"UKUTA ULIKUWA UMEOZA! SASA NI MPYA KABISA! SULUHISHO LA KUDUMU LA UNYEVU. TUPIGIE LEO."

Nimekaa na sentensi hizo muda mrefu kwa sababu kila moja ina tatizo la aina yake. Ukuta haukuoza, tofali ni nzima. Si mpya kabisa, theluthi mbili za juu hazikuguswa. La "kudumu" ndilo zito. Chini ya nyumba hii hakuna tabaka la kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, na fundi hajaliweka, maana kuliweka baada ya nyumba kusimama ni kazi nyingine na pesa nyingine. Alichofanya ni kuushusha mchanga wa nje uliokuwa unalisha ukuta maji, kuondoa chumvi, na kupiga plasta inayostahimili. Ni kazi nzuri inayoweza kumpa mama miaka ya utulivu. Ukiita kudumu, umemwahidi kitu ambacho mikono yako haikukijenga, na anayeijua kazi hii ataona kwa haraka.

Nimemwambia hivyo, kwa adabu. Kanyamaza, halafu: "Basi andika 'imara'." Neno "imara" halipimiki, nalo nimelikataa. Tumekubaliana kwamba kila slaidi itasema kitu ambacho mtu akija na futi anaweza kukipima, au akija na macho anaweza kukiona.

5 Machi

Rangi ya maji imepakwa Jumamosi, wiki tano baada ya plasta. Fundi hakutumia ya mafuta, kwa sababu hiyo inauzibia ukuta pumzi na unyevu uliobaki unaanza kuisukuma. Sebule inapendeza kweli. Na sasa tumegombana.

Ramadhani imeanza, Idi iko mwishoni mwa mwezi, na kabla ya Idi watu wanapaka nyumba rangi. Fundi anataka kabla na baada itoke wiki hii. Kibiashara ana haki. Lakini ukuta wenye unyevu uliopakwa rangi jana unapendeza hata kama hukutibu kitu. Mama mwenyewe ameupaka mara mbili ndani ya mwaka mmoja na nusu, na mara zote mbili siku ya tatu ulikuwa unang'aa. Picha ya leo haimtofautishi fundi na mtu aliyepita na ndoo ya rangi tu.

Tumerudisha nailoni kupima. Matone tena! Fundi uso ukambadilika. Haikuwa na maana ya kushindwa: plasta yenyewe ina maji iliyochanganyiwa, na tofali bado zinakauka. Kanuni ya kukadiria ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo tofali la inchi sita, milimita 150, linataka kama miezi sita. Leo kipimo hiki hakiwezi kusema maji ni ya zamani au mapya. Yaani hatuna "baada". Tuna "katikati".

Nimempa njia ya pili. Wiki hii tunatoa slaidi nne bila neno "baada" popote: ukuta wa Januari, nailoni yenye matone, kitanda cha maua kilichoegemea ukuta, mfereji uliochimbwa. Kichwa: "Kabla hujapaka rangi ya Idi, angalia nje ya ukuta kwanza." Hiyo ni kweli leo na inamfaa mtu hata asipompigia. Karuseli yenyewe inasubiri masika ipite.

Kakubali. Hakufurahi.

24 Mei

Masika imenyesha, mfereji umejaa na kukauka mara kadhaa. Nimerudi na daftari: 120, 2.6, fremu ya mlango, kamera kwenye 1, karatasi ya A4. Saa mbili na nusu.

Jua halikuja ukutani.

Nilisimama kama mjinga hadi nikakumbuka. Januari jua linachomoza kusini kidogo ya mashariki, kwa hiyo miale iliingia dirishani na kuusugua ukuta huu, ulio upande wa kaskazini wa chumba. Sasa linachomoza kaskazini ya mashariki, na miale inaangukia ukuta wa pili. Wangu uko kwenye kivuli laini, umetulia kama yai. Picha ikawa nzuri mno. Hakuna pele hata moja, na hata kama lingekuwepo lisingeonekana. Saa ile ile, mahali pale pale, kipimo kile kile, na bado picha isingesema kweli.

Nimefunga pazia, nikaweka tochi ya simu ya pili upande wa dirisha, sentimita 20 kutoka ukutani, ikimulika kwa ubavu kama jua la Januari. Ukuta ukasema yote. Sehemu kubwa imekaa bapa. Lakini kwenye kona ya mlango, chini, kuna kiraka cha kama sentimita 12 ambapo rangi imeanza kufanya malengelenge madogo, na kidole kinatoka na unga. Nje ya kona ile ndipo mfereji ulipoishia, kwa sababu ya ngazi ya zege ya kuingilia.

Nailoni mbili zimebandikwa, moja katikati, moja karibu na kona.

26 Mei

Ya katikati kavu. Ya kona ina ukungu mwembamba nyuma.

Fundi kaja kuona. Alipiga magoti, akagusa, akanusa vidole. "Ni ngazi. Maji yanasimama nyuma ya ngazi." Atarudi kukata njia ya maji pembeni yake, bila kumtoza mama. Halafu kaniangalia: "Lakini hiyo kona huiweki."

Nilitaka kuiweka. Nikamweleza kwamba picha nyingine zote mtu anaweza kuzitilia shaka, lakini hakuna mtu anayetunga kasoro yake mwenyewe kwenye tangazo. Akasema naandika vizuri kwa sababu si mimi nitakayepigiwa simu za kejeli. Na ni kweli. Mwisho nimemwachia uamuzi, jina ni lake. Siku mbili kimya, halafu sauti fupi: "Weka. Ila andika na nilichofanya."

31 Mei

Slaidi saba. Ukubwa 1080 kwa 1350 zote, kwa sababu ya kwanza ndiyo inayoamua umbo la zinazofuata, na ukichanganya moja itakatwa kichwa. Maneno yako mbali na kingo, maana kwenye ukurasa wa fundi picha zinakatwa nyembamba kidogo. Nimejaribu kuzisoma ndani ya daladala, mkono mmoja kwenye bomba. Mbili hazikusomeka, nimepunguza maneno.

Nilifikiria kuweka kabla na baada bega kwa bega kwenye slaidi ya kwanza, kama wafanyavyo wengi. Kila nusu inabaki na pikseli 540 za upana, malengelenge hayaonekani, na aliyeshaona jibu hana sababu ya kusukuma. Kwa hiyo:

1. Ukuta wa Januari peke yake, na karatasi. "Rangi ya pili ndani ya mwaka mmoja na nusu. Karatasi ni sentimita 30; unyevu umefika 80." Neno "uchafu" halimo, wala "pango".

2. Nailoni yenye matone. "Siku mbili. Maji yako nyuma ya nailoni, kwa hiyo yanatoka ukutani."

3. Kitanda cha maua, na futi. "Nje, mchanga uko sentimita 25 juu ya sakafu ya ndani."

4. Plasta imebomolewa. "Tumebomoa hadi 110. Chumvi imesuguliwa kavu."

5. Mfereji. "Sehemu ya kazi ambayo mwenye nyumba haioni akiwa sebuleni."

6. Ukuta wa Mei. "24 Mei, baada ya masika. Mwanga ni tochi kwa ubavu, upande ule ule ambao jua lilikuwepo kwenye picha ya kwanza."

7. Kona. "Hapa bado. Mfereji ulizuiwa na ngazi. Tumekata njia ya maji pembeni na tutapima tena Agosti. Ukuta wa namna hii hukauka taratibu, hadi miezi sita."

Slaidi ya sita ilinipa shida kuliko zote. Rasimu ya kwanza ilisema "miezi minne baadaye", nikaifuta, kwa sababu miezi minne ya kiangazi si kitu kwa ukuta huu. Kilicho na uzito ni kwamba mvua imepita katikati ya picha mbili. Halafu ile habari ya tochi: nilidhani inachosha, nikaitoa, nikairudisha. Mtu makini ataona kivuli hakifanani na cha jua, na asipopewa sababu ataibuni mwenyewe.

Kwenye maelezo ya chini, mistari miwili ya kwanza ndiyo inayoonekana kabla mtu hajabonyeza, kwa hiyo nimeanza na eneo la kazi, siku za kazi na kilichohesabiwa kwenye bei: "Ukuta wa mita 3.2. Kubomoa, mfereji, plasta na rangi. Siku tisa za kazi ndani ya wiki sita." Bei yenyewe fundi hakutaka, kwa kuwa mchanga wa nje ndio unaoiamua na kila nyumba ina wake. Namwelewa, ingawa najua wengi watauliza.

Mama nimemtumia zote saba kabla hazijatoka. Kaikataa ya tatu: kwenye kona ya picha kulikuwa na geti lake la rangi ya machungwa, mtaa mzima unalijua. Nimekata kipande chenye geti.

14 Juni

Ujumbe tisa. Watatu wameuliza bei tu na kupotea. Mmoja kasema fundi mzuri hawezi kuacha kona. Wawili wametuma picha za ngazi zao wakiuliza kama tatizo ni lile lile, na mmoja wao, wa Mbagala, ameshakubaliana naye tarehe.

Leo asubuhi fundi kanitumia picha za kabla za huko Mbagala, bila kuambiwa. Kamera kwenye 1, swichi ndani ya picha, mwanga wa ubavuni, A4 imesimama chini ya ukuta. Ila karatasi ameiandika namba yake ya simu kwa kalamu nene, pande zote mbili. Nimempigia akarudie.